Sauti Imekauka Zaidi ya Wiki 3: Kupimwa Koo kwa Kamera na Kuyaelewa Majibu

Sauti iliyokauka kwa mafua huanza kurudi yenyewe siku ya tano au ya saba, na wiki ya pili ikiisha mtu amekwisha kusahau kwamba alikuwa akiongea kwa kukwaruza. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi kliniki za masikio, pua na koo tumeshika wiki 3 kuwa mpaka. Kabla ya hapo virusi ndio washukiwa wakubwa. Ukishavuka hapo, mtu lazima azitazame nyuzi za sauti kwa macho, maana kwa kusikiliza tu hakuna daktari anayeweza kutofautisha kinundu cha mwalimu anayepaza sauti darasani, saratani inayoanza, na kifua kikuu cha koo. Vyote vitatu hukwaruza.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyo ndani ya zoloto, lile fundo linalopanda na kushuka shingoni unapomeza. Ukivuta pumzi zinaachana, na kwenye kamera unaona umbo la V iliyopinduliwa. Ukisema zinakutana, hewa inapita katikati yake, nazo zinatetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwa mwanaume na karibu mara 200 kwa mwanamke. Kingo zake lazima ziwe nyororo na zikutane sawasawa. Kitu kidogo kama punje ya ulezi kikiota ukingoni, hewa inavuja na sauti inapasuka. Hapo ndipo ilipo bahati ya ugonjwa huu: koo la sauti husema mapema kwamba kuna jambo, mradi awepo wa kulitazama.

Hatua ya kwanza: hesabu siku na uandike ilivyoanza

Kabla ya kwenda hospitali chukua karatasi uandike tarehe sauti ilipoanza kubadilika. Wagonjwa wengi husema "siku nyingi kidogo", na tukikaa kuhesabu pamoja, kwa kukumbuka msiba fulani au mwezi wa Ramadhani, tunakuta ni miezi 4.

Andika pia ilivyoanza. Ilikatika ghafla siku uliyopiga kelele mpirani? Ilianza ulipoamka baada ya upasuaji wa rovu, au baada ya kulazwa na mpira wa kupumulia kooni? Au ilikuja polepole, kila wiki ikizidi kidogo?

Kisha jiulize kama kuna saa au siku ambapo sauti inarudi safi. Swali hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sauti inayoamka nzuri na kuchoka jioni, ikapata nafuu wakati wa likizo, mara nyingi inatokana na matumizi. Sauti iliyokauka asubuhi, mchana na usiku, isiyopata siku hata moja ya nafuu na inayozidi kushuka, inatupa wasiwasi zaidi.

Mwisho andika dawa unazotumia, pamoja na pampu ya pumu kama unayo, na useme ukweli kuhusu sigara, ugoro na pombe. Daktari hakuulizi ili akuhukumu. Anataka kujua aanze kutafuta wapi.

Wasiopaswa kungoja wiki 3

Wapo ambao kalenda haiwahusu. Ukipumua kwa sauti ya mluzi au mkoromo wakati wa kuvuta hewa ndani, nenda hospitali leo hii, hata iwe usiku, kwa sababu njia ya hewa inaziba. Ukitema damu, ukiwa na uvimbe shingoni, ukisikia maumivu ya kumeza yanayopiga hadi sikioni, ukipaliwa kila unapokunywa maji, au ukiona nguo zinakupwaya bila sababu, usingoje. Aliyekauka sauti mara tu baada ya upasuaji wa shingo au kifua naye amrudie daktari wake ndani ya siku chache.

Mtoto ni jambo la pekee. Mtoto anayelia kwa sauti ya kukwaruza kwa wiki kadhaa na kupumua kwa kelele anaweza kuwa na chunjua za kooni, vinyama kama ua la koliflawa vinavyoletwa na kirusi cha papiloma, hasa aina ya 6 na ya 11. Wengi huzungushwa kwa miezi wakitibiwa pumu. Pumu hukoromea kifuani, hasa wakati wa kutoa pumzi, na haimkaushi mtoto sauti. Ukiona sauti imekauka na pumzi inakwaruza wakati wa kuvuta ndani, omba rufaa ya koo.

Hatua ya pili: simamisha mzunguko wa vidonge

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea. Mtu anakwenda duka la dawa anapewa amoksilini. Wiki ya pili anaongezewa antibayotiki nyingine, ya tatu anapewa dawa ya tindikali ya tumbo, na ya nne anapata predinisoloni "ya kuondoa uvimbe". Kwa sauti iliyokauka yenyewe, bila homa na bila dalili nyingine za bakteria, antibayotiki haina kazi ya kufanya. Vidonge vya steroidi kama hiyo predinisoloni ni hatari zaidi, kwa sababu hupunguza uvimbe wa karibu kila kitu kwa siku chache, saratani na kifua kikuu vikiwemo, na mgonjwa akarudi nyumbani akishukuru huku ugonjwa ukiendelea kula. Mtu mwenye kifua kikuu akipewa steroidi bila dawa za kifua kikuu, kinga yake inalegezwa wakati inapohitajika.

Kanuni ni fupi: koo litazamwe kwanza, dawa ifuate. Ukiwa zahanati au kituo cha afya, sema waziwazi, "Daktari, sauti yangu imekauka tangu tarehe fulani, ni wiki ya 4 sasa, naomba rufaa nikaangaliwe nyuzi za sauti." Kamera hizi ziko hospitali za rufaa na baadhi ya hospitali za mikoa na za binafsi zenye daktari wa masikio, pua na koo.

Kama una kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku au umepungua mwili, toa makohozi hapohapo kituoni kabla ya kwenda kwenye kamera. Kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu kikishawekwa mashinani hutoa jibu kwa takribani saa 2, na katika vituo vya umma, Tanzania na Kenya, ni bure. Kinaweza kukupa jibu mapema, na kinamlinda atakayekupima, maana wakati wa kamera utakohoa karibu kabisa na uso wake.

Wakati unangoja, pumzisha sauti kwa kuongea taratibu na karibu na mtu. Usinong'one. Watu wengi huamini kunong'ona ni kupumzika, kumbe wengi wetu tukinong'ona tunalikaza koo zaidi.

Hatua ya tatu: siku ya kamera

Hofu ya kipimo hiki ni kubwa kuliko kipimo chenyewe. Hulazwi, hupewi nusu kaputi, na kwa kawaida kazi yote huisha ndani ya dakika 5. Unakaa kwenye kiti mgongo ukiwa wima. Unapulizwa puani dawa ya kufungua pua na dawa ya ganzi. Ganzi ni chungu ulimini na ikishuka kooni utahisi kama huwezi kumeza. Unaweza, ila huhisi. Baada ya dakika chache daktari anapitisha puani mrija laini wenye taa na kamera, unene wake milimita 3 hadi 4, unaopita juu ya kimio na kuning'inia juu ya zoloto. Hauingii kwenye nyuzi zenyewe.

Sehemu inayokera ni pale mrija unapopinda nyuma ya pua. Pumua kwa pua, taratibu, kama unayenusa chakula jikoni, na mahali hapo patafunguka. Kisha utaambiwa sema "iiiii", vuta pumzi kwa nguvu, kohoa, hesabu moja hadi kumi. Usiharakishe. Kila tendo lina lake: "iiiii" inaonyesha kama nyuzi zinakutana, na kuvuta pumzi kunaonyesha kama zinaachana sawa. Daktari asiyekuambia useme kitu amepima nusu.

Zipo njia nyingine. Kioo kidogo cha mviringo kinachoingizwa mdomoni ni cha zamani na bado kinasaidia pasipo na kamera, lakini mwenye kichefuchefu chepesi huwa hakivumilii, na sehemu ya mbele ya nyuzi hufichika. Kamera ngumu ya kupitia mdomoni hutoa picha kubwa na safi. Ikiwa na mwanga wa kumemeta, huufanya mtetemo wa nyuzi uonekane polepole, na hapo hata kovu dogo huonekana kwa sababu sehemu yenye kovu haitetemeki. Ya mwisho ni ile ya chumba cha upasuaji, kwa nusu kaputi, ambayo hufanywa pale kinyama kinapotakiwa kukatwa kipelekwe maabara.

Baada ya kamera usile wala kunywa kwa muda wa saa 1, mpaka ganzi iishe, la sivyo chai itakuunguza au itapita njia ya hewa bila wewe kujua. Na kabla hujaondoka omba mambo mawili: majibu yaliyoandikwa, na picha au video. Kama utapelekwa hospitali nyingine, picha ile ndiyo itakayomwambia daktari wa pili kama kitu kimekua au kimebaki vilevile.

Hatua ya nne: kuyasoma majibu

Karatasi ya majibu huwa na maneno mengi. Mimi huwaambia wagonjwa watafute ndani yake majibu ya maswali 3 tu: nyuzi zote mbili zinatembea? Ngozi yake ni nyororo au imechakaa? Kilichoonekana kiko upande mmoja au pande zote mbili?

*Zinatembea?* Uzi mmoja ukisimama, sauti inakuwa ya hewahewa, mtu anachoka kwa sentensi moja, na maji yanampalia. Majibu yakisema uzi wa kushoto umepooza, kamera imekueleza nusu tu ya habari, kwa sababu mara nyingi ugonjwa hauko kooni. Neva inayouendesha uzi wa kushoto hushuka hadi kifuani, ikazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo, kisha ikapanda tena shingoni. Njia ndefu hiyo inaweza kubanwa popote: na saratani ya pafu, tezi zilizovimba kifuani, mshipa mkuu uliotanuka, moyo uliokua kwa ugonjwa wa vali, au ikaumizwa wakati wa upasuaji wa rovu. Kwa hiyo kama hakuna sababu iliyo wazi, hatua inayofuata ni picha ya kifua, na kwa ukamilifu siti-skani inayoanzia chini ya fuvu hadi kifuani. Mgonjwa aliyeambiwa "uzi mmoja umelala, utazoea" bila kupigwa picha arudi akaidai. Uzi uliopooza bila uvimbe wowote huweza kuamka ndani ya mwaka, na usipoamka, kuna sindano na upasuaji wa kuusogeza katikati ili mwenzake aufikie.

*Nyororo au imechakaa?* Kitu chenye ngozi nyororo, inayong'aa, kwa kawaida si kibaya. Ukisoma maneno kama doa jeupe, kidonda, ngozi yenye mikwaruzo, au nyama inayoota ovyo, jambo linalofuata ni kukata kinyama. Doa jeupe si jina la ugonjwa. Linaweza kuwa fangasi kwa mtu anayetumia pampu ya pumu yenye steroidi bila kusukutua, au kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Linaweza kuwa ngozi iliyokomaa kwa moshi wa sigara, na linaweza kuwa mwanzo wa saratani. Macho hayatoshi kuamua, hata ya bingwa.

Saratani ikianzia kwenye uzi wenyewe huharibu sauti ikiwa bado ndogo, na kwa kuwa uzi hauna mishipa mingi ya limfu, huchelewa kusambaa. Ikigunduliwa ikiwa bado uzini na uzi unatembea, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hupona, kwa mionzi au kwa upasuaji wa kupitia mdomoni. Tanzania mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Uzi ukishakwama, ugonjwa umeingia ndani zaidi na hesabu inabadilika. Ndiyo maana swali la kwanza na la pili husomwa pamoja.

*Upande mmoja au zote mbili?* Vinundu vya wanaotumia sauti sana, yaani walimu, wahubiri, wanakwaya, makondakta wa daladala, huwa viwili, vikitazamana, mahali palepale: pale theluthi ya mbele ya uzi inapokutana na theluthi mbili za nyuma, kwa kuwa hapo ndipo nyuzi hugongana kwa nguvu. Hivi ni kama sugu za mkulima. Havikatwi kwanza. Tiba yake ni mazoezi ya sauti kwa wiki kadhaa kwa mtaalamu wa tiba ya matamshi, na kubadili namna ya kuongea. Ukivikata ukarudi kupiga kelele vilevile, vitaota tena, na safari hii juu ya kovu. Polipu, kivimbe laini kama tone kilichotokea baada ya kelele moja kubwa, kwa kawaida huwa upande mmoja, na mara nyingi huhitaji kuondolewa. Nyuzi zote mbili zikiwa zimevimba kama mifuko ya maji, mara nyingi ni mvutaji sigara wa miaka mingi, na mwanamke mwenye hali hiyo huitwa "baba" akipokea simu.

Kuhusu tindikali ya tumbo nina neno. Maandishi kama "wekundu sehemu ya nyuma ya zoloto" yanaandikwa kirahisi mno, na mgonjwa akaondoka na omeprazoli ya miezi. Wekundu huo huonekana hata kwa watu wengi wasio na tatizo lolote. Kama huna kiungulia wala chakula kupanda, na nyuzi zenyewe hazijaelezwa vizuri kwenye karatasi, usiridhike na jibu hilo. Omba zitazamwe tena.

Na kama kila kitu ni safi? Inawezekana misuli ya koo imejifunza kukaza, jambo linalotokea mara nyingi baada ya mafua makali au kipindi cha huzuni, na mazoezi ya sauti hulifungua. Inawezekana pia kovu dogo halionekani bila mwanga wa kumemeta. Sauti ikiendelea kuharibika, rudi baada ya wiki 4 hadi 6. Kamera inaonyesha hali ya siku ile ilipopita kooni, haikupi hati ya mwaka mzima.

Mgonjwa mmoja, mwanzo hadi mwisho

Dalali wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, miaka 46. Kazi yake ni kunadi kuanzia alfajiri, akipaza sauti juu ya kelele za soko zima. Anavuta sigara tangu ujana. Alipoingia alisalimia kwa kunyoosha mkono tu, kisha akasema kwa mkwaruzo, "Daktari, hii ni kazi tu, nipe dawa nirudi mnadani."

Tulihesabu siku, zikawa wiki 9. Alikwishameza antibayotiki mara mbili, na wiki ya 6 alipewa predinisoloni ya siku 5. "Hiyo ndiyo ilinisaidia," alisema. Sauti ilirudi kwa siku 4, halafu ikazama kuliko mwanzo. Nilimuuliza kuhusu kumeza. Ugali ulikuwa unamchoma, na maumivu yakienda sikio la kushoto. Kikohozi, akasema, kipo, lakini ni cha sigara. Kisha alisimama ili apime uzito, na nikaona mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari, ncha yake ikining'inia urefu wa kiganja. Kuanzia hapo sikuiamini tena habari ya kelele za mnadani. Kelele humkausha mtu sauti, hazimpunguzi mwili.

Alitoa makohozi kwanza. Tulimpima tukiwa na barakoa za kuchuja hewa, dirisha wazi.

Kamera ilionyesha hivi. Nyuzi zote mbili zilitembea, ingawa wa kushoto ulikuwa mzito. Uzi huo ulikuwa mwekundu, umevimba, na ukingo wake umelika kama mkate ulioguguniwa na panya, juu yake pakiwa na utando mweupe. Wekundu na uvimbe uliendelea hadi nyuma ya zoloto. Kwa maswali yetu 3: zinatembea, ngozi imechakaa, upande mmoja umezidi. Mvutaji wa miaka 46 mwenye picha hiyo, wazo la kwanza ni saratani, na ningekosea kama ningelitupa. Lakini maumivu makali ya kumeza kwa kidonda kidogo kiasi kile, uvimbe uliotapakaa hadi nyuma, kikohozi na kupungua mwili vilinielekeza kwenye kifua kikuu. Kwa kamera magonjwa haya mawili hufanana kiasi cha kudanganya, na watu wamewahi kuandaliwa upasuaji wa kuondoa zoloto kumbe ni kifua kikuu.

Picha ya kifua ilionyesha kivuli chenye uwazi katikati, juu ya pafu la kulia. Makohozi yalitoa jibu siku ileile: vimelea vipo, na havina usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Kipimo cha VVU, ambacho kila mwenye kifua kikuu hupimwa, hakikuonyesha maambukizi.

Hapo mtu angeweza kuanza dawa na kufunga faili. Hatukufunga. Kifua kikuu kwenye pafu hakithibitishi kwamba kidonda cha kooni nacho ni kifua kikuu, na mvutaji sigara anaweza kuwa na vyote viwili. Alianza dawa siku iliyofuata, na kinyama kilikatwa chumba cha upasuaji wiki hiyohiyo, timu nzima ikiwa imejikinga. Maabara ya patholojia ilijibu baada ya siku 10: mikusanyiko ya seli inayotokana na kifua kikuu, yenye nyama iliyokufa kama jibini katikati, hakuna seli za saratani.

Matibabu ni yaleyale ya pafu: miezi 2 ya dawa 4, kisha miezi 4 ya dawa 2, bure, kwa usimamizi. Ilibidi aache mnada kwa wiki za mwanzo, na hilo lilimuuma kuliko sindano yoyote. Nilimweleza kwamba kifua kikuu cha koo huambukiza sana, kwa kuwa vimelea vimekaa mlangoni pa pumzi, na yeye kazi yake ni kupaza sauti mbele ya umati. Mke, watoto wake 3 na kijana anayemsaidia mezani waliitwa kupimwa. Kijana alikutwa naye ana kifua kikuu cha mapafu, bado mapema.

Maumivu ya kumeza yaliisha ndani ya wiki 3. Sauti ilianza kurudi wiki ya 6. Mwezi wa 3 tuliingiza kamera tena, na hatua hii wengi huiruka kwa kuwa mgonjwa anajisikia vizuri. Kidonda kilikuwa kimefunga na utando mweupe umekwisha. Kingebaki vilevile, tungekata kinyama upya bila kusita, maana kipande kimoja kinaweza kuikosa saratani iliyo pembeni yake. Ukingoni mwa uzi wa kushoto palibaki kovu jembamba, na pale palipo na kovu uzi hautetemeki vizuri, kwa hiyo sauti ya juu haikurudi yote. Tulimpeleka kwenye mazoezi ya sauti, akaacha sigara, akanunua kipaza sauti cha mkononi. Sasa hunadi kwa sauti ya chini kidogo, iliyopasuka ikipanda, na wanunuzi wamejifunza kusogea karibu na meza yake.